Vilivyokuwa vinanukia sasa vinanuka: kutafuta chanzo cha kichefuchefu cha harufu kwenye mimba changa

Wiki ya saba ya mimba yangu ya pili nilisimama mbele ya friji nikamwambia mume wangu humu ndani kuna kitu kimeoza. Akatoa kila kitu, akafuta shelfu zote, akarudisha. Kesho yake nikafungua mlango na kabla sijaona hata nilichokuwa natafuta nikakimbilia chooni. Akafuta tena. Mara ya tatu akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama nanihii, una uhakika ni friji?" na jibu nililompa siliandiki hapa. Kumbe tulikuwa sahihi wote wawili, friji ilikuwa inanuka kweli na tatizo halikuwa friji, na nitarudi kwenye hilo maana ndiko nilikojifunzia karibu kila kitu ninachoandika hapa.

Kabla hujaanza kufukuza harufu jua kwanza nini kimebadilika mwilini. Wengi tunasema "pua yangu imekuwa kama ya mbwa" na kweli ndivyo inavyohisika, ila wajawazito wanapopimwa kwa vichupa vya harufu, kuanzia hafifu kabisa kwenda kali, hawaonyeshi kwa uhakika kwamba wanasikia harufu hafifu kuliko watu wengine. Tofauti inakuwa ndogo au haipo. Kinachobadilika zaidi ni hukumu, harufu ileile uliyokuwa nayo jana leo ubongo unaisoma kama mbaya, kali, ya hatari. Kiswahili kinalimaliza hili kwa herufi moja tu, kitu kilichokuwa kinanukia sasa kinanuka, na kitu chenyewe hakijabadilika.

Kwa nini? Kondo la nyuma linamwaga kwenye damu homoni nyingi, mojawapo inaitwa GDF15, na hiyo inafika moja kwa moja kwenye sehemu ya nyuma ya ubongo inayosimamia kutapika. Utafiti uliotoka mwishoni mwa 2023 ulionyesha kwamba wanawake ambao kabla ya mimba walikuwa na kiwango kidogo cha homoni hiyo ndio wanaoumia zaidi inapopanda ghafla, mwili haujaizoea. Kwa hiyo chukulia petroli imeshamwagika, harufu ni kiberiti tu. Na kosa tunalofanya karibu wote ni kuhangaika na viberiti siku nzima huku petroli iko palepale. Kawaida inaanza kati ya wiki ya 4 na ya 6 ukihesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, inakuwa mbaya zaidi karibu na wiki ya 9, wengi wanapata nafuu wiki ya 14 hadi 16, wengine inafika 20 na wachache wanabeba nayo hadi mwisho.

Pima kwanza, siku nne

Chukua karatasi, andika vitu vitatu kila ukishikwa: saa ngapi, harufu gani, na mara ya mwisho kutia kitu tumboni ilikuwa saa ngapi. Basi, usiongeze kingine maana hutaandika. Mimi siku nne zilinipa matukio tisa, matano yakiwa ya friji, na nilivyoyapanga nikaona saba kati ya tisa yalikuja wakati nimeshapita masaa matatu bila kula. Saa tano asubuhi na saa kumi na moja jioni, kila siku, utadhani tumepanga. Halafu ndo nikagonga kichwa: friji mtu anaifungua akiwa na njaa! Yaani kila mara nilipokutana na ile harufu tumbo lilikuwa tupu, kwa hiyo nilikuwa nailaumu friji kwa kitu ambacho nusu yake ni njaa. Siku ya tano nikafanya jaribio, nikala biskuti kavu na kipande cha jibini, nikasubiri nusu saa, nikafungua. Bado ilikuwa inanuka, ila nilikunja pua tu, sikukimbia.

Hiyo ndiyo njia ya kutenganisha. Harufu ikikuangusha ukiwa na njaa na kukuacha ukiwa umekula, shughulika na tumbo kwanza. Ikikuangusha muda wote sawasawa, hapo ndo unatafuta chanzo.

Dalili: kila kitu kinanuka, hasa asubuhi na kabla ya kula

Hili ni la tumbo tupu. Weka kitu kikavu karibu na kitanda, mkate mkavu au biskuti isiyo na sukari nyingi wala harufu, ukifumbua macho kula kidogo ukiwa umeegemea mto, kaa dakika 15 hadi 20 ndo unyanyuke polepole. Baada ya hapo kidogo kidogo kila masaa mawili bila kusubiri njaa ikuite, kwa sababu ikishakuita umechelewa, utaingia jikoni ukiwa tayari unatetemeka na harufu ya kwanza itakumaliza. Weka na protini kidogo humo, karanga, yai kama linakubali, jibini, maana wanga mtupu unashuka haraka unarudi palepale. Maji kunywa katikati ya milo sio pamoja na chakula, acha kama nusu saa, tumbo lililojaa maji na chakula kwa pamoja linarudisha kirahisi.

Wengine wanasema "sasa nitakulaje kila masaa mawili wakati chakula chenyewe ndicho kinanuka". Kula kilichopoa. Sio utani, soma inayofuata.

Dalili: jikoni ndo pabaya, sebuleni uko sawa

Harufu ni chembe ndogo zinazoruka kutoka kwenye kitu kuingia puani, na joto ndilo linalozirusha. Nyama ya moto inajaza nyumba nzima, nyama hiyohiyo ikitoka kwenye friji unaweza kuikaribia na usisikie karibu kitu. Kwa hiyo chakula baridi au cha uvuguvugu kina nafasi kubwa ya kukaa tumboni kuliko cha moto, na kufunua sufuria inayochemka ndo kosa baya kuliko yote kwa sababu mvuke wote unakuja usoni kwa mkupuo mmoja. Ukilazimika kufunua, funua kwa kuelekeza mfuniko ukukinge wewe, na geuza uso. Supu au uji weka kwenye kikombe chenye kifuniko unywe kwa mrija, utashangaa.

Kukaanga ni kubaya kuliko kuchemsha kwa sababu mafuta yanaruka kama matone madogo yanakaa kwenye pazia, kwenye nywele, kwenye sweta uliyovaa, halafu masaa matatu baadaye uko chumbani unajiuliza mbona vitunguu vimenifuata. Vimekufuata kweli, viko kichwani kwako. Funga kitambaa unapopita jikoni na uvue ile nguo.

Feni nayo watu wanaiweka vibaya. Ukiiweka ikuelekee wewe inakuletea harufu yote usoni. Iweke dirishani ikitazama nje isukume hewa ya jikoni itoke, na ufungue dirisha au mlango wa upande wa pili hewa safi iingie. Na tafadhali sana hizo spreyi za kunukisha nyumba weka kando, hazifuti harufu, zinaongeza ya pili juu ya ya kwanza, sasa una vitunguu vyenye maua.

Kama kuna mtu mwingine wa kupika, apike yeye wakati wewe hupo, sio wakati uko chumba cha pili umefunga mlango.

Dalili: mume wangu ananuka (au mto, au mtoto wangu wa kwanza)

Watu wanapenda kusema mimba imemkataa mume. Haijamkataa, imekataa kitu alichopaka. Na ni kosa kumwambia "unanuka" halafu basi, kwa sababu ataoga mara tatu kwa sabuni ileile yenye harufu na kurudi mbaya zaidi, wangu alifanya hivyo, tena akaongeza pafyumu.

Fanya hivi: siku mbili aoge kwa sabuni isiyo na harufu, asipake losheni wala pafyumu wala dawa ya kwapa yenye harufu, avae nguo zilizosuuzwa mara mbili bila ile maji ya kulainisha nguo, na foronya zibadilishwe hivyohivyo. Ukiona nafuu, rudisha kitu kimoja kila siku mbili, kimoja tu, hadi kile kitakachokurudisha chooni. Kwetu haikuwa ngozi yake wala pafyumu, ilikuwa maji ya kulainisha nguo, na ndo ikaeleza kwa nini hata mto wangu mwenyewe na blanketi la mtoto vilikuwa vinanishinda. Ukirudisha vyote kwa pamoja hutajua kamwe.

Foronya ichunguze peke yake, inashika mafuta ya nywele na jasho na pua yako inalala juu yake masaa nane. Badilisha kila siku mbili tatu kwa kipindi hiki. Sigara haina majaribio, moshi wake una madhara kwa mimba mbali na kichefuchefu, avutie nje, abadili shati na anawe mikono na uso kabla hajakukaribia.

Dalili: harufu kama inatoka ndani ya mdomo wangu mwenyewe

Harufu haiingii kwa tundu za pua tu, ina njia ya nyuma, inapanda kutoka kooni. Ndo maana dawa ya mswaki inaweza kukutapisha hata kama hukuinusa kabla hujaitia mdomoni, na ndo maana kidonge cha madini ya chuma ulichomeza saa mbili kinakurudia saa nne kwa kubeua, na ladha ya chuma juu.

Dawa ya mswaki: badilisha ya minti kali uchukue yenye ladha hafifu, tumia mswaki wa kichwa kidogo, inamisha kichwa mbele povu lisirudi kooni, na piga mswaki saa ambayo karatasi yako inasema uko vizuri, hakuna sheria kwamba lazima iwe pale unapoamka. Ukishatapika usipige mswaki papo hapo, asidi ya tumboni imelainisha meno na utayakwangua. Sukutua kwa glasi ya maji yenye kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda, tema, subiri angalau nusu saa.

Kidonge cha chuma jaribu kukimeza usiku na chakula kidogo kabla ya kulala, uupitishe ule muda wa kubeua ukiwa umelala. Kikiendelea kukushinda usiache kimyakimya kama nilivyofanya mimba ya kwanza nikaja kuulizwa kliniki damu imeenda wapi. Sema. Wanaweza kukubadilishia aina, au kwa mtu mwenye damu ya kutosha wakakuacha kwa muda na foliki asidi peke yake, mikrogramu 400 kwa siku, ambayo haina harufu na ndiyo hasa usiyotakiwa kuikosa wiki za mwanzo.

Dalili: nasikia harufu ambayo hakuna mwingine anaisikia

Turudi kwenye friji. Usikubali haraka kwamba unawaza, maana watu wa nyumbani sio mashahidi wazuri, pua inazoea harufu ya mahali ndani ya dakika chache na wao wamekaa nayo wiki nzima. Tafuta pua mpya. Wifi yangu alikuja kutusalimia, sikumwambia kitu, nikamwomba tu anichukulie maji baridi. Akafungua akasema, "Wifi, mbona kama kuna maziwa yameganda hapa mlangoni?"

Mlangoni! Mume wangu alifuta shelfu mara tatu lakini hakuna aliyegusa ule mpira unaozunguka mlango. Una mikunjo ndani, ukiuvuta kwa kidole unaiona, na kwenye mkunjo wa chini kulikuwa na maziwa ya zamani pamoja na ukungu mweusi. Akaanza kuusafisha kwa siki, siki ikanitoa nje ya nyumba kabisa (jifunzeni hapo), akamalizia kwa maji ya moto, bekingi soda na mswaki wa zamani. Kwa hiyo ndio, friji ilikuwa inanuka, harufu hafifu ambayo mwezi mmoja kabla ningeipita. Kwa wanaoanza kutafuta leo, baada ya huo mpira angalia sponji ya kuoshea vyombo, tundu la sinki, chini ya mfuko wa taka kwenye ndoo yenyewe, na kitambaa cha jikoni kilichokaa kibichi. Sponji tupa usiioshe.

Sasa kama na pua mpya haisikii, toka nje utembee robo saa. Harufu ikikufuata mpaka nje, iko kwenye pua yako. Mimba inaweza kuvimbisha utando wa pua, na maambukizi ya sinasi au jino bovu hutoa harufu ambayo ni wewe tu unaisikia, hiyo ni ya daktari au ya daktari wa meno. Ikija kwa vipindi vifupi na unapotea akili kidogo au mkono unacheza wenyewe, nenda siku hiyohiyo. Na harufu ya gesi au ya waya kuungua usiijaribu kwa karatasi, toka kwanza, wakikucheka watacheka baadaye.

Ukishikwa ghafla mahali usipoweza kutoka

Lifti, basi, foleni. Pumua kwa mdomo polepole, geukia hewa inakotoka, na shika kitu chako puani. Mimi ni ganda la limau kwenye kitambaa, nalikwaruza kwa ukucha. Lakini kuna mtego: ubongo unajifunza haraka mno, ukitapika huku unanusa limau mara mbili tatu, limau nalo linahamia upande wa vinavyonuka. Kwa hiyo itumie mapema wakati bado ni kidogo, ikishindikana na unaona kabisa unatapika, itupe mbali. Kwa sababu hiyohiyo chakula unachokipenda kuliko vyote usikijaribu saa yako mbaya, utakipoteza.

Ikiwa umefanya yote na bado

Tangawizi inasaidia baadhi, hadi gramu 1 kwa siku ya unga mkavu ukigawa mara nne. Kinachofuata ni vitamini B6, miligramu 10 hadi 25 mara tatu au nne kwa siku, na isipotosha daktari huongeza doksilamini ambayo inaleta usingizi kwa hiyo mara nyingi dozi ya kwanza inakuwa ya usiku. Hizi zimetumika kwenye mimba miaka mingi, ila kipimo akupangie daktari au mkunga anayejua dawa zako nyingine, na muulize mapema, kuzuia kutapika ni rahisi kuliko kukukatisha ukiwa umeshakauka.

Dalili zifuatazo sio za kufungua dirisha, ni za kwenda hospitali: siku nzima hakuna kinachokaa tumboni hata maji, mkojo umekuwa wa rangi ya chai au hujakojoa masaa nane, ukisimama kizunguzungu, unatapika damu, una homa au maumivu ya tumbo, au umepungua asilimia 5 ya uzito wako wa kabla, yaani kilo 3 kwa aliyekuwa na 60. Dripu na dawa ya kuchoma vinakurudisha vizuri, ila nyumbani huwezi. Na kichefuchefu kinachoanza kwa mara ya kwanza baada ya wiki ya 10 hivi usikipe jina la mimba bila kupimwa, kinaweza kuwa kitu kingine kabisa.

Mi harufu zilianza kuniacha wiki ya 15, sio zote kwa siku moja, kwanza vitunguu, halafu sabuni. Kahawa ilibaki hadi mtoto ana miezi mitano, hapo homoni hazikuwepo tena, ni ubongo ulikuwa umeshajifunza. Niliirudisha kwa kunywa iliyopoa kabisa, vijiko viwili vitatu baada ya kula, kisha ya uvuguvugu. Ya moto bado naifungulia dirisha.